Friji limeshuka bei siku tano baada ya kulinunua: naweza kudai tofauti?

*"Jumamosi nilinunua friji la milango miwili kwa shilingi 1,250,000 kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Dar es Salaam. Muuzaji aliniambia ofa inaisha Jumapili, Jumatatu bei inapanda. Alhamisi nikapita pale, nikakuta friji lile lile limeandikwa 1,050,000. Nimeshaliwasha, ila boksi na risiti ninavyo. Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema kwao duka lazima likurudishie tofauti ndani ya wiki mbili. Je, nikidai laki mbili zangu nitapewa? Na niseme nini?"*

Dada yangu, kwa kushuka bei peke yake duka halilazimiki kukurudishia hata shilingi. Lakini ndani ya maelezo yako kuna jambo umelipitia haraka, nalo ndilo lenye uzito kuliko laki mbili zenyewe: maneno ya muuzaji kwamba Jumatatu bei inapanda. Tutayafikia. Kwanza tumalizane na shemeji.

Shemeji hajakudanganya, amechanganya tu sera na sheria. Marekani yapo maduka makubwa yanayorudisha tofauti ya bei. Target wana utaratibu wa siku 14, Costco wana wa siku 30. Huo ni utaratibu ambao duka limejiwekea lenyewe ili mteja asiogope kununua leo, na lina masharti yake na bidhaa zisizohusika. Wasipokuwa nao, mteja wa kule naye hana cha kudai. Nchi za Umoja wa Ulaya wanayo sheria inayosaidia kwa njia ya kuzunguka: ukinunua mtandaoni una siku 14 za kurudisha bila kueleza sababu, kwa hiyo mtu anaweza kurudisha kisha akanunua upya kwa bei ya chini. Wewe ulinunua dukani, ukakiona kitu kwa macho yako, ukalipa. Hata kule hilo lingekuwa jambo jingine.

Hapa kwetu Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaitazama bei kuwa ni ile mliyokubaliana siku ya mauzo. Ulipotoa pesa na kupokea friji, biashara ilifungwa. Lingepanda Alhamisi likafika 1,400,000, duka lisingekuja kwako kudai nyongeza, na kamba hiyo hiyo ndiyo inayokuzuia wewe. Friji lingekuwa bovu au si lile uliloelezwa, hapo una madai ya kisheria hata kama risiti imepigwa muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Friji lako linagandisha vizuri, kwa hiyo tuliache hilo.

Kwa hiyo unakwenda kuomba, ukiwa na hoja. Na ili hoja yako iingie, inafaa ujue bei ilivyoshuka, kwa sababu wateja wengi hudhani duka lilikuwa limejiwekea faida nono ya laki mbili na sasa limeamua kuipunguza. Nimekaa upande wa mauzo ya vifaa vya umeme kwa miaka mingi, na mara nyingi haiwi hivyo.

Duka huchukua mzigo kwa msambazaji. Msambazaji akitaka kumaliza toleo fulani, labda toleo jipya liko njiani au mzigo umekaa sana ghalani, huliambia duka: kuanzia tarehe fulani uza kwa bei hii, na mimi nitakufidia kwa kila friji utakalouza ndani ya kipindi hicho. Fidia hiyo huhesabiwa kwa namba ya pekee ya kila friji, ile ndefu iliyo kwenye stika ya nyuma au ubavuni, pamoja na tarehe ya risiti. Friji lililouzwa Jumamosi halimo kwenye hesabu ya ofa iliyoanza Alhamisi.

Tuchukulie mfano, namba zake nazitunga ili picha ionekane. Duka lilinunua friji lako kwa 1,080,000 na likakuuzia 1,250,000. Limebaki na 170,000, na hapo bado hujatoa kodi ya pango, umeme na mshahara. Alhamisi msambazaji anatangaza fidia ya 150,000 kwa kila friji, basi gharama ya duka inashuka hadi 930,000, na likiuza kwa 1,050,000 bado linapata 120,000. Sasa wewe unaingia na kudai 200,000. Friji lako halina fidia, hivyo pesa hiyo inatoka kwenye 170,000 ya Jumamosi. Duka likikupa yote, limekuuzia friji kwa hasara ya 30,000. Likikupa 100,000 bado linabaki na 70,000. Ndiyo sababu ombi la nusu husikilizwa, na ombi la tofauti yote hukatwa hata kabla hujamaliza kusema.

Kuna kizuizi kingine ambacho mteja hakioni, nacho ni mashine ya EFD. Ulipopewa risiti Jumamosi, mauzo ya 1,250,000 yaliingia kwenye mashine, na ripoti ya siku, ile wanayoiita ripoti ya Z, ikafunga hesabu na kwenda TRA. Risiti haifutiki wala haiandikwi upya kama daftari la deni. Duka likikupa pesa mkononi bila kurekebisha hesabu, kwenye vitabu bado limeuza kwa 1,250,000, na kodi ya ongezeko la thamani iliyo ndani ya laki mbili hizo italipa lenyewe. Likitaka kurekebisha, mhasibu aandae hati na maelezo. Meneja anayesema "mfumo haukubali" huenda hakukimbii, anayo kazi ya makaratasi mbele yake. Ukimpa njia nyepesi atashukuru, na njia hiyo ipo.

Kabla hujatoka nyumbani fanya kazi mbili. Ya kwanza, hakikisha friji ni lile lile kweli. Nimeona watu wakifika dukani wamewaka, kumbe herufi moja ya mwisho kwenye namba ya modeli ni tofauti. Herufi hiyo inaweza kumaanisha rangi tu, au inaweza kumaanisha kompresa ya aina nyingine, au lita pungufu. Piga picha stika ya friji lako, nenda ukasome stika ya lile la dukani. Uliza pia kama lile la 1,050,000 ni la maonyesho lililokuwa limechomekwa miezi kadhaa, kama waranti yake ni ya muda ule ule, na kama bei yako ya Jumamosi ilijumuisha usafiri na friji gadi. Ukiletewa friji hadi nyumbani na ukapewa friji gadi bure, na mnunuzi wa Alhamisi hapewi vyote viwili, tofauti halisi si laki mbili tena, na meneja atakuonyesha hilo kwa sekunde moja. Afadhali uijue wewe kwanza.

Ya pili, tazama risiti yako kwa makini. Soma kiasi. Wapo wauzaji wanaopokea 1,250,000 na kukata risiti ya 900,000 ili wapunguze kodi, na mteja kwa haraka ya kupakia mzigo hasomi. Ukija kudai tofauti na karatasi yako inaonyesha ulilipa chini ya bei mpya, umejifunga mwenyewe. Katika hali hiyo ushahidi wako ni ujumbe wa malipo ya simu au ya benki, kama hukulipa taslimu. Kisha ipige picha leo hii, maana karatasi ya EFD hufifia, hasa ikikaa kwenye pochi au karibu na joto la jiko. Ikishafifia lakini msimbo wa uhakiki bado unasomeka, unaweza kuitafuta risiti yako kwenye verify.tra.go.tz kwa kuingiza msimbo huo na muda ulioandikwa juu yake.

Sasa turudi kwa muuzaji na ile Jumatatu yake. Kauli kama "ofa inaisha Jumapili" ikiwa ya kweli si kosa. Ikiwa ya uongo, ni jambo zito, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumdanganya mteja kuhusu bei ya bidhaa. Lakini angalia mtego uliopo. Wewe uliona bei Alhamisi. Je, Jumatatu, Jumanne na Jumatano friji liliandikwa ngapi? Kama Jumatatu lilipanda kweli likakaa 1,400,000 kwa siku tatu, na Alhamisi ikaja ofa nyingine kutoka kwa msambazaji, muuzaji alisema kweli na huenda hakujua kinachokuja. Kama Jumatatu lilibaki 1,250,000 ile ile, basi hakuna ofa iliyoisha. Uliharakishwa kwa tarehe ya kubuni, na hoja yako ina nguvu hata ukiweka kando bei ya Alhamisi.

Hilo unaweza kulichunguza ukiwa umekaa sebuleni. Maduka mengi siku hizi huweka bei kwenye kurasa zao za Instagram. Tafuta tangazo la Jumatatu hadi Jumatano, lipige picha likiwa na tarehe. Tazama pia kama muuzaji alikuandikia. Wengi hutuma "dada wahi, kesho inapanda" kwenye simu kabla mteja hajafika dukani. Ujumbe huo usiufute. Maneno ya mdomo peke yake nayo si bure, ila yeye atayakana na utabaki bila shahidi, labda uwe ulikwenda na mtu.

Kuhusu namna ya kwenda: usiende Jumamosi. Siku hiyo duka limejaa, na hakuna meneja atakayekubali kurudisha pesa mbele ya wateja kumi walionunua wiki iliyopita. Nenda siku ya kazi asubuhi, wakati ofa bado iko ukutani, maana ikishaondolewa mazungumzo huwa marefu. Na usianze na muuzaji wako. Yeye hana mamlaka ya kutoa pesa, na huenda kamisheni yake kwa friji lako imo kwenye hesabu, hivyo kila neno lako atalisikia kama unamnyang'anya. Msalimie, mwombe akuitie meneja au msimamizi, ukae pembeni.

Meneja akifika, ongea hivi, kwa sauti ya kawaida: "Habari za kazi, kaka. Jumamosi nilichukua friji hili hapa kwenu, risiti hii hapa. Niliambiwa ofa inaisha Jumapili na bei inapanda. Alhamisi nimelikuta limepungua laki mbili. Najua nilikubali bei na sijaja kuvunja biashara. Ila nisingeambiwa vile ningesubiri. Naomba mnifikirie kwenye tofauti." Kisha nyamaza. Usijaze kimya hicho kwa maelezo wala vitisho, mwache ahesabu. Neno "haki yangu" liache nyumbani, maana ukilisema atakuuliza sheria gani, na kwa bei kushuka tu hutakuwa na jibu. Maneno ya kuambiwa Jumatatu inapanda yanamgusa zaidi, kwa kuwa anajua yanasemwa kila siku pale dukani kwake.

Akisema hawezi kutoa pesa, hapo ndipo ile njia nyepesi inapoingia. Mwombe bidhaa au huduma. Pasi, blenda au friji gadi yenye bei ya laki moja rafuni, duka halikuinunua kwa laki moja, kwa hiyo kukupa yenye bei ya 120,000 kunamuuma kidogo kuliko kuhesabu 120,000 taslimu, na risiti yako ya Jumamosi haiguswi. Nusu ya tofauti kwa bidhaa unayoihitaji kweli, mimi ningeichukua bila kusita. Vocha ya kununua baadaye ipo chini ya hapo, kwani thamani yake ni ile ya kitu ambacho ungekinunua kwao hata bila vocha. Ukipewa, iwe imeandikwa kiasi, tarehe ya mwisho, jina lako na muhuri. Ahadi ya "ukija tena tutakuangalia" usiihesabu kuwa malipo, kwa kuwa meneja anaweza kuhamishwa mwezi ujao.

Kuongezewa waranti kunavutia, lakini uliza ni nani anayeibeba. Waranti ya mtengenezaji duka haliwezi kuirefusha kwa kalamu. Likikuandikia mwaka wa ziada, ni duka ndilo litakalolipa fundi, basi karatasi iseme hivyo na itaje kompresa waziwazi, maana ndiyo sehemu ya gharama kubwa kwenye friji.

Huenda unajiuliza mbona usirudishe friji na kulinunua upya kwa 1,050,000. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda, ila mlango wake ulifungwa ulipolichomeka. Miaka ya nyuma nilimhudumia mama mmoja aliyekuja na boksi bado lina utepe wa kiwandani, siku nne baada ya kununua, na bei ilikuwa imeshuka. Tulilipokea friji lake, mhasibu akaandaa hati ya kurudisha mali, kisha tukamuuzia friji lile lile kwa bei ya ofa na risiti mpya. Namba ya friji ikaingia kwenye hesabu ya msambazaji, duka likafidiwa, mama akapata tofauti yake yote. Hakuna aliyepoteza isipokuwa muda wa mhasibu. Lako limeshawashwa, mipira ya milango imeshika harufu ya jikoni, plastiki za rafu zimebanduliwa. Duka likilipokea litaliuza kama la maonyesho, na hasara hiyo inapita laki mbili. Usilipendekeze hata kama boksi unalo. Ila kumbuka kwa siku nyingine: kitu kikubwa ulichokinunua dakika ya mwisho wa ofa, kama huna shida nacho usiku ule, kiache kwenye boksi siku mbili tatu ukitazama bei.

Kwa kadirio langu, ukienda na risiti safi, modeli iliyothibitishwa na ujumbe wa muuzaji, unaweza kutoka na kitu cha thamani ya kati ya 50,000 na 120,000, zaidi kwa bidhaa kuliko kwa pesa. Bila ushahidi wa kauli ya Jumatatu, inategemea meneja alivyoamka. Na kama duka lenyewe ni la mapatano ya bei, yaani ulianza na 1,400,000 mkashuka hadi 1,250,000, ombi lako ni dhaifu zaidi. Watakuambia hiyo ndiyo bei uliyoipigania, na kusema kweli wana hoja.

Wakikukatalia kabisa, swali ni lile lile: Jumatatu bei ilipanda au haikupanda? Ikiwa ilipanda, liache, hata likiuma. Ukienda mahakamani kwa tofauti ya bei tupu, nauli na siku za kazi zitakula zaidi ya unachodai, na mwisho utaambiwa mlikubaliana. Ikiwa haikupanda na unao ujumbe au matangazo yenye tarehe, andika malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo wengi wanaijua kama FCC. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe ya kununua, kiasi, maneno uliyoambiwa na aliyeyasema, bei ya kila siku uliyoithibitisha, na kile ulichoomba dukani wakakataa. Ambatanisha nakala, halisi zibaki kwako. Ungeniuliza kama ugharamie wakili kwa jambo hili ningekuambia hapana. Lakini kama risiti yako imekatwa kwa kiasi pungufu, usikae nalo kimya, nenda ofisi ya TRA iliyo karibu nawe ukiwa na ujumbe wa malipo, kwa kuwa hapo tatizo si la laki mbili tena na linagusa hata waranti yako.

Jambo la mwisho ni pale meneja atakapokubali kukupa pesa. Iombe iingie kwenye simu au benki yako badala ya mkononi, na akuandikie karatasi fupi: amekurudishia kiasi gani, kwa friji lenye namba ipi, na kwamba waranti inaendelea kuanzia Jumamosi ile. Usiikabidhi risiti halisi. Akisema anaihitaji kwa ajili ya mhasibu, mpe nakala, au asubiri uitoe fotokopi hapo jirani na agonge muhuri juu yake, maana kompresa ikifa mwezi wa nane hutaulizwa habari ya tofauti ya bei, utaulizwa risiti.